Mililita moja inapimwaje kwenye joto la Ifakara?

Ukitaka kujua kama mbu wa Bonde la Kilombero wamekuwa sugu kwa kiuatilifu, njia mojawapo ni kipimo cha chupa. Unachukua chupa ya kioo ya mililita 250, unaipaka ndani mililita 1 ya kiuatilifu kilichoyeyushwa kwenye asetoni, unaiacha ikauke, kisha unaingiza mbu na kuwatazama wanaoanguka kadiri dakika zinavyokwenda. Mbu wakibaki wima, unaandika "sugu". Lakini je, kama pipeti yako haikumwaga mililita nzima? Chupa imepata dozi pungufu, na unawasingizia mbu.

Mimi nasomea ualimu wa kemia na baiolojia. Nilipokuwa fildi Ifakara, mji ambao Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara miaka ya 1950 (ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara), swali hilo nililibeba kila siku. Jibu lake linaanzia kwenye mizani na maji.

Unahitaji mizani inayosoma hadi miligramu 0.1, maji yaliyokenekwa, kipimajoto na kikombe kidogo chenye kifuniko. Maji, pipeti na ncha za plastiki viwekwe chumba kimoja kwa saa kadhaa ili vilingane joto. Maji yaliyotoka sasa hivi kwenye friji hayafai. Zima feni ya dari, maana upepo wake peke yake unaichezesha mizani. Seti pipeti kwenye mikrolita 1000, vuta na kumwaga maji mara tatu hadi tano ili ncha ilowe, halafu pima mara kumi. Kila mara shika pipeti wima, zamisha ncha milimita 2 au 3 tu, vuta taratibu, subiri sekunde moja, ndipo utoe.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi tunapopotea. Tuseme wastani wa vipimo kumi ni miligramu 988.2. Kwa mazoea ya shule, gramu moja ya maji ni mililita moja, kwa hiyo utasema pipeti imepungukiwa mikrolita 11.8. Kiwango cha kimataifa ISO 8655 kinaruhusu pipeti ya mikrolita 1000 kukosea mikrolita 8 tu, juu au chini. Basi, unaitupa?

Ngoja kwanza usome kipimajoto. Nyuzi 28, jambo la kawaida kabisa Ifakara. Kwa joto hilo maji yametanuka, na hewa nayo inayabeba kidogo juu ya mizani, hivyo mikrolita 1000 kamili zinasomeka kama miligramu 995.2 hivi. Kurekebisha, unazidisha uzito kwa namba inayoitwa Z, ambayo kwa nyuzi 28 ni 1.0048:

```
V = m × Z
V = 988.2 × 1.0048 = 992.9
```

Upungufu ni mikrolita 7.1. Pipeti imepita, ingawa kwa kubanana. Mimi ningeirudia baada ya wiki chache. Ukichukua Z ya nyuzi 20 (1.0029) kutoka kwenye kijitabu cha pipeti, utapata 991.1 na utaikataa bila haki.

Usiishie kwenye wastani, angalia mfuatano pia. Ukiona 981.4, kisha 985.0, kisha 987.9, halafu zinatulia kwenye 988, ncha haikuloweshwa vya kutosha. Zikishuka polepole hadi mwisho, shuku kiganja chako: kimepasha hewa iliyo ndani ya pipeti, ikatanuka na kuacha nafasi ndogo ya maji. Iweke kwenye stendi kati ya kipimo na kipimo. Zikirukaruka bila mpangilio, mkono ndio haujatulia, mara unainamisha pipeti, mara unaachia kitufe ghafla. Zikikaa pamoja lakini zote ni za chini, hapo kifaa chenyewe ndicho kina shida. Jaza maji, kishike wima sekunde 20; tone likijitokeza kwenye ncha, kizibo cha ndani kinavujisha hewa au ncha haikukaa sawasawa.

Ila kufaulu kwa maji si kufaulu kwa asetoni. Asetoni huvukiza haraka, mvuke wake ukajaa ndani ya pipeti na kusukuma kimiminika nje, kikaanza kudondoka kabla hujafika kwenye chupa. Asilimia 0.7 tuliyoipata kwa maji haiwezi kumfanya mbu aonekane sugu. Matone kadhaa yaliyoishia mezani yanaweza. Hapo loweka ncha kwa asetoni yenyewe mara nyingi zaidi, hadi udondokaji ukome, na chupa iwe karibu na mkono. Ukiweza kupata sindano ya kioo, tumia hiyo, kwa sababu bastola yake inagusa kimiminika moja kwa moja na hakuna hewa katikati ya kutanuka.