DARSA: KUITIKIA SALAMU YA MTU TUSIYEMJUA NJIANI

Katika darsa yetu iliyopita ndugu yetu mmoja alileta swali ambalo hatukuweza kulimaliza usiku ule, nasi tuliahidi kuliandika kwa urefu. Swali lenyewe ni hili: je, yampasa Mwislamu kuitikia salamu ya mtu asiyemjua, naye ajua wazi kwamba salamu ile ni mlango tu wa kuombwa pesa?

Ndugu huyu alikuwa amempeleka mamake kutoka Mombasa kwenda kutibiwa katika Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta, iliyoko upande wa Upper Hill mjini Nairobi. Kila asubuhi alitoka langoni akaifuata barabara ya Hospitali kuelekea barabara ya Ngong, kutafuta chai na mkate. Wanaoujua mtaa ule wajua ulivyo. Zamani palikuwa na nyumba za watu wa reli zenye miti na nyasi; leo pana majumba marefu ya benki na ya bima, na hospitali i papo hapo ubavuni. Basi katika njia moja hukutana mtu atokaye kazini na mshahara wake, na mtu atokaye kwa daktari na karatasi ya dawa asiyo na thamani ya kuinunua. Si ajabu waombaji wakasimama hapo. Na aliyevaa kanzu na kofia huonekana kwa mbali, hata asiyekuwa Mwislamu humjia na "Asalaam alaykum."

Siku ya kwanza alijiwa na mzee mmoja mwenye bahasha mkononi. Mzee akamtolea salamu, naye akatazama mbele akaongeza hatua. Mzee akairudia salamu mara ya pili, kisha akanyamaza. Siku ya pili alijiwa na kijana. Akaona haya kwa jambo la jana, akaitikia, akasimama, akamwuliza hali na habari za nyumbani kama tufanyavyo sisi watu wa pwani. Kijana akaanza kisa cha nauli ya kwenda Garissa. Ndugu yetu akasema, "Sina kitu," na mfukoni anacho. Kijana akamwandama mpaka karibu na njia panda, mwisho akamtukana. Ndugu yetu akatuuliza: "Siku ipi nilikosa?" Nasi twamjibu kwamba alikosa siku zote mbili, kila siku kwa kosa lake.

Tuanze na siku ya kwanza. Kuanza kutoa salamu ni sunna, lakini kuijibu ni faradhi. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Nisaa, aya ya 86, kwamba tukiamkiwa tujibu kwa maamkizi mazuri zaidi, au kwa uchache turudishe mfano wake. Watu wakiwa wengi, akijibu mmoja wao faradhi imewaondokea wote. Mtu akiwa peke yake, ni juu yake yeye mwenyewe, wala hapana wa kumtolea. Na wanavyuoni wetu wa Shafii wamesharutisha mambo mawili: jibu liwe papo hapo, na liwe kwa sauti ya kumfikia aliyesalimu. Kutikisa kichwa tu, au kunong'ona ndani ya koo huku umegeuza uso, hakutoshi kwa mtu asikiaye.

Atasema mtu: "Lakini huyu hakukusudia salamu, alikusudia mfuko wangu." Neno hili si jipya, na wanavyuoni wamelitazama. Katika vitabu vya madhehebu ya Hanafi imeelezwa kwamba mwombaji ajapo mlangoni pa mtu akasema "Asalaam alaykum", si lazima kumjibu, kwa sababu salamu yake hapo ni kama kubisha hodi. Ni alama ya kuomba, si maamkizi. Hii ni kauli ya watu wa elimu, nasi hatuidharau. Lakini itazameni vizuri. Kwanza, sisi watu wa pwani hii twafuata madhehebu ya Shafii. Pili, kauli hiyo yaondoa ulazima tu. Haisemi kwamba kujibu ni kubaya. Tatu, nayo ndiyo kubwa, yamhusu mtu ambaye kuomba kwake kumejulikana. Yule mzee mwenye bahasha alikuwa hajaomba. Huenda alitaka pesa. Huenda alitaka kuonyeshwa lango, au kusomewa karatasi yake. Ndugu yetu hakungoja ajue. Alihukumu kwa dhana, akaiita dhana yake hakika.

Na juu ya dhana hii imeteremka aya katika sura hiyo hiyo ya Nisaa, aya ya 94. Ibn Abbas amesimulia, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba kundi la Waislamu lilimkuta mtu na kondoo wake wachache. Akawatolea salamu. Wao wakamwua, wakachukua kondoo. Katika simulizi nyingine imetajwa hoja yao: kwamba alitoa salamu ile kujiokoa tu. Ndipo wakakatazwa kumwambia anayewatolea salamu kwamba si Muumini, hali wao wenyewe wataka mali ya dunia. Jambo la barabarani si kama la kuua mtu, lakini maradhi ni yale yale. Sisi twamshuku mwenzetu kwamba salamu yake ni kwa ajili ya mali. Aya yatugeuzia macho, yatuuliza kama si mali yetu wenyewe ndiyo iliyotuziba masikio.

Sasa siku ya pili. Hapa ndugu yetu aliitikia, na katika hilo alifanya vyema. Kosa lake lilikuwa kuchanganya vitu viwili ambavyo mila yetu imeviunganisha, na sharia haikuviunganisha. Salamu ni deni; habari ni hiari. Ukisha kusema "Wa alaykumu salaam warahmatullah", umelipa. Kuuliza "Hujambo? Habari za nyumbani? Watoto je?" ni hisani uwafanyiayo jirani na rafiki, na mtaani kwetu ni adabu njema. Lakini ukimwuliza habari mtu ambaye hukukusudia kusikia habari zake, umemfungulia mlango ambao baadaye utamfungia usoni, na hiyo si adabu bali ni ghururi. Yule kijana alipoulizwa habari za nyumbani, alikuwa na haki ya kuzieleza.

Basi namna iliyo sawa ni hii. Mgeukie uso, mjibu salamu yake kwa ukamilifu na kwa sauti, na hatua zako ziendelee. Usiongeze swali lolote. Asiposema kitu, mmekwisha kuachana kwa heri. Akiomba, nawe wataka kumpa, mpe kile ulichokinuia, bila mawaidha wala masimango. Akikuonyesha karatasi ya dawa nawe una nafasi, rudi naye mpaka dirisha la dawa ukalipe huko; mwenye haja ya kweli aghalabu atafurahi. Na mgonjwa ambaye haja yake yakushinda, mwelekeze kwa maofisa wa ustawi wa jamii walioko katika hospitali za serikali, ambao kazi yao mojawapo ni kutazama mambo ya wasioweza kulipa.

Na ikiwa hutaki kutoa, au huwezi, kataa mara moja kwa maneno laini na ya kweli. Sura ya Israa, aya ya 28, yamfundisha Mtume (S.A.W.) kwamba akiwaepuka wahitaji kwa kuwa angojea riziki kwa Mola wake, awaambie neno jepesi. Wazee wetu wakisema, "Mwenyezi Mungu akuruzuku," wakapita. Neno hili ni dua, wala halina uwongo. "Sina kitu", na pesa zi mfukoni, ni uwongo. "Nikirudi nitakupa", nawe umeazimu kupita njia nyingine, ni ahadi ya mnafiki. Ndugu yetu alijibu salamu kwa ukarimu, akaiharibu kwa uwongo wa maneno mawili. Na yule kijana, ambaye huenda aliusikia uwongo ule katika sauti, akazidi kumwandama. Watu wa njia hizi huyajua macho ya anayedanganya. Akatazwaye waziwazi huachana nawe upesi zaidi kuliko apewaye udhuru, kwani udhuru hujadiliwa.

Alipotukanwa, je, salamu yake ilipotea bure? Hasha. Aliyejibu ametimiza faradhi yake, na tusi ni juu ya aliyelitoa. Hatujibu salamu ili tupendwe.

Lakini jambo hili lina mipaka yake, na haifai kuinyamazia. Mwanamke kijana aliye peke yake, akisalimiwa na mwanamume ajinabi atakaye kuzungumzwa naye, halazimiki kumjibu. Bali wanavyuoni wa Shafii wamemkataza, kwa kuchelea fitina. Basi muuguzi atokaye zamu ya usiku, akapita kimya, asilaumiwe kuwa ana kiburi. Na akikusalimu mtu usiyemjua kuwa Mwislamu, nawe umemsikia wazi akisema "Asalaam alaykum", Ibn al-Qayyim ameona kwamba uadilifu ni kumrudishia kama alivyosema. Wengine wamesema itoshe "Wa alaykum". Kwa vyovyote, kunyamaza si katika kauli hizo mbili. Na ukiona watu wawili watatu wakuzunguka, au mtu ataka umpe simu yako apige mara moja, ulimi wako ujibu salamu na miguu yako ikupeleke kwenye lango lenye bawabu. Kujibu salamu hakukulazimishi kusimama, wala kutoa simu mkononi.

Limebaki neno moja ambalo ndugu yetu alilitaja mwisho, na ndilo lililomleta kwetu. Alituambia kwamba siku ya tatu alikwenda asubuhi mapema mpaka mahali pale pale akamtafuta yule mzee wa bahasha, ili amjibu. Hakumwona. Akauliza kama deni hilo lingalipo.

Twamwambia kweli, ijapokuwa ni nzito. Imam Nawawi ameeleza katika kitabu chake cha Adhkar kwamba jibu likicheleweshwa kisha likaletwa, halihesabiwi kuwa jibu, na mwenye kuliacha amepata dhambi. Hata angalimkuta yule mzee, asingaliweza kuilipa salamu ya juzi. Angaliweza tu kuanza yeye salamu mpya. Lililobaki ni kumtaka Mwenyezi Mungu msamaha, na kuwa tayari kwa mzee mwingine. Jibu la salamu ni maneno matatu yasiyopunguza chochote mfukoni, lakini wakati wake ni mfupi kama hatua mbili za mpita njia, na zikisha kupita hazirudi.

Wallahu aalam.