Gitaa la mtumba kutoka Kasulu: tangazo linakulinda kiasi gani?

Katibu wa kwaya mjini Kibondo anaona tangazo kwenye simu: "Gitaa la umeme, nyuzi sita, hali nzuri, limetyuniwa, kasha gumu lipo. Sh. 350,000. Sauti sikiliza kwenye video." Muuzaji yuko Kasulu. Si mwenye duka, ni mpigaji tu anayetaka kubadilisha chombo. Katibu anasikiliza video ya sekunde 20, anatuma pesa kwa simu, gitaa linapakiwa kwenye basi. Linafika likiwa ndani ya begi la kitambaa, na ukibonyeza katikati ya shingo kila uzi unatoa sauti iliyopanda kuliko inavyotakiwa. Mfano huu nimeutunga, lakini mtu yeyote aliyewahi kununulia kwaya vyombo vya mtumba ataujua.

Watu wengi huamini kwamba kitu kibovu lazima kirudishwe, basi. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka ahadi ambazo muuzaji anahesabika kuzitoa hata kama hakuzitamka. Mojawapo ni kwamba bidhaa iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Ahadi hiyo inambana muuzaji ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, kama mwenye duka la vyombo vya muziki. Mpigaji wa Kasulu anayeuza gitaa lake moja haimbani.

Kinachombana ni ahadi nyingine: ukinunua kitu kwa maelezo, kitu hicho lazima kilingane na maelezo. Hii inamhusu kila muuzaji, awe na duka au asiwe nalo. Kwa hiyo mnunuzi wa mtumba kutoka kwa mtu binafsi anategemea zaidi yale maneno yaliyoandikwa na ile video iliyotumwa. Pale tangazo lilipokaa kimya, mara nyingi na sheria inakaa kimya.

Hebu turudi kwenye maneno yenyewe. "Kasha gumu lipo" ni maelezo kamili: lipo au halipo. Hapo katibu ana hoja nzito. "Hali nzuri" ni maoni, na hakimu anaweza kuyachukulia kama sifa za kawaida za sokoni. "Limetyuniwa" ndilo neno linalowadanganya wengi. Gitaa lililotyuniwa asubuhi Kasulu linaweza kufika Kibondo nyuzi zimelegea, na hakuna aliyesema uongo, kwa sababu nyuzi huchezacheza kwa joto, baridi na mtikisiko wa safari. Kutyuni upya ni kazi ya dakika chache.

Swali la maana ni kama gitaa linakubaliana na lenyewe. Freti ya 12 iko nusu ya urefu wa uzi, kati ya kishikio cha juu na daraja. Ukipiga uzi ukiwa wazi, kisha ukaubonyeza hapo, unapaswa kupata noti ileile, ila ya juu kwa ngazi nane. Ikipanda au kushuka, huenda daraja limekaa vibaya tu, jambo ambalo fundi hulirekebisha haraka. Huenda pia shingo imepinda, na hapo gharama inaweza kukaribia bei ya gitaa. Kwa hiyo usiridhike na "limetyuniwa". Mwambie muuzaji aandike: "Shingo imenyooka, noti ya freti ya 12 inaoana na uzi wazi kwa nyuzi zote sita." Asipotaka kuandika, umeshapata jibu lako.

Video nayo ni sehemu ya maelezo, mradi ionyeshe kitu. Wimbo mtamu uliopigwa kupitia vifaa vya kubadilisha sauti hauonyeshi kitu, kwani mwangwi huficha nyuzi zinazokwaruza. Omba video isiyokatwa, gitaa likiwa limechomekwa moja kwa moja kwenye amplifaya. Ianze na programu ya kutyunia ikiwa wazi kwenye simu nyingine, A ikiwa 440, halafu kila uzi upigwe wazi na kwenye freti ya 12. Vitufe vya sauti vizungushwe, maana mchakacho husikika hapo. Mwisho kamera ioneshe shingo kwa kuitazama kuanzia kichwani kwenda kwenye daraja, ndani ya kasha, na namba ya utengenezaji. Vinanda na magitaa ya makanisa huibwa, na aliyeiba hawezi kukupa umiliki asiokuwa nao. Mwenye mali akitokea anaweza kuichukua, na ikithibitika kwamba ulipokea ukijua ni ya wizi, hilo ni kosa la jinai.

Tangazo la WhatsApp lililowekwa kwenye "status" hupotea baada ya saa 24. Lipige picha ya skrini likionyesha namba na tarehe, pakua video, na zima ujumbe unaojifuta. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kupokelewa mahakamani kama ushahidi; utaulizwa ulihifadhiwaje na kama haukuguswa, kwa hiyo usifute simu hiyo.

Kwa ngoma na zeze mambo ni tofauti kidogo. Hapo 440 haina maana. Chombo hukazwa kulingana na sauti ya mwimbaji, na ngozi ya ngoma hulegea msimu wa mvua. Muuzaji aseme ngozi ni ya mnyama gani. Ng'ombe au mbuzi, sawa. Ngozi ya kenge au chatu ni nyara ya Serikali, na kuwa nayo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kibondo inapakana na Pori la Akiba Moyowosi, kwa hiyo usidhani askari hawatauliza.

Sasa gitaa limeshafika. Mnunuzi ambaye hakukiona kitu kabla ana haki ya kukikagua ndani ya muda unaofaa, na kukikataa kama hakilingani na maelezo. Lakini akikitumia kama chake au akikaa kimya muda mrefu, anahesabika amekipokea. Haki ya kukirudisha inakwisha, inabaki ya kudai fidia. Kosa la kawaida ni kulipeleka kwa fundi kwanza. Katibu alifungue mbele ya mashahidi, arekodi, kisha siku hiyohiyo amwandikie muuzaji kasoro zote na kusema kama analikataa.

Polisi hawakusanyi madeni. Kama muuzaji hakuwahi kuwa na gitaa, au alituma video ya gitaa lingine ili apate pesa, huo ni udanganyifu na unaripotiwa. Kama mnabishania kasoro, ni shauri la madai, na Mahakama ya Mwanzo inatosha: madai ya mkataba yasiyozidi Sh. milioni 30 husikilizwa hapo, kwa Kiswahili. Kwa kawaida utafungua anakoishi mdaiwa, yaani Kasulu, basi hesabu nauli kabla ya kuapa kwenda huko.

Kwa katibu wetu, shauri la kasha ni jepesi. La shingo ni gumu zaidi, kwa sababu tangazo halikuitaja. Ningemshauri aombe kwanza apunguziwe thamani ya kasha pamoja na gharama ya fundi, kwa maandishi, na ampe muuzaji siku saba za kujibu.