Uvimbe Kando ya Mlango wa Uke: Lini Usubiri, Lini Usaha Utolewe

Chukulia mfano wa mama wa miaka 28 anayeuza matunda mjini Voi. Mwezi uliopita, akioga, aligusa kiuvimbe laini upande mmja wa mlango wa uke. Hakikumuuma, naye akakiacha. Wiki hii, Jumanne, kilianza kuuma. Kufikia Alhamisi kilikuwa kikubwa kama yai dogo, chekundu na cha moto. Hakuweza kukaa kwenye kiti wala kupanda matatu, na kila hatua ilikuwa mateso. Aliona aibu kueleza, hivyo akanunua vidonge vya antibiotiki dukani. Uvimbe haukupungua.

Ili kuelewa kwa nini vidonge havikumsaidia, ni vyema kujua kilichovimba. Kila mwanamke ana tezi mbili ndogo, kila moja ukubwa wa punje ya mbaazi, ziitwazo tezi za Bartholini. Mlango wa uke ukilinganishwa na uso wa saa, tezi hizi ziko karibu na namba 4 na namba 8. Kila tezi hutoa ute kupitia mfereji mwembamba wa sentimita mbili hivi. Mfereji huo ukiziba, ute hukusanyika na kufanya kifuko. Kifuko kisichouma si hatari kwa mwanamke kijana na mara nyingi hakihitaji dawa. Bakteria wakiingia ndani yake, huwa jipu.

Mara nyingi bakteria hao ni wale wanaoishi kwenye utumbo na ngozi. Kisonono au klamidia huweza kusababisha jipu hili pia, ndiyo maana kipimo hufanywa palipo na dalili. Hata hivyo, uvimbe peke yake si ushahidi kwamba mke au mume ametoka nje ya ndoa.

Lini usaha utolewe

Uvimbe mdogo usiouma hungojewa. Mwanamke hukalia beseni la maji ya uvuguvugu, yasiyochoma, kwa dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Ukianza kuuma lakini bado ni mgumu, usaha haujakusanyika vizuri. Mhudumu wa afya huendelea na maji ya uvuguvugu na dawa ya maumivu, kisha humwona tena baada ya siku moja au mbili.

Uvimbe unapokuwa mkubwa, wenye maumivu makali na unaobonyea kama mfuko wa maji, usaha sharti utolewe. Antibiotiki hazifiki vizuri ndani ya usaha uliojifungia, na hilo ndilo lililompata mama yetu. Dawa hizo huongezwa ikiwa kuna homa, wekundu unaosambaa, ujauzito, kisukari au kinga dhaifu ya mwili. Mwenye hali yoyote kati ya hizi asingoje hadi kesho.

Hospitalini, sehemu hiyo husafishwa na kuchomwa sindano ya ganzi. Daktari hukata tundu dogo upande wa ndani, karibu na mlango wa uke, na kuutoa usaha. Maumivu hupungua pale pale. Lakini tundu likiachwa hivyo hivyo hujifunga upesi, na jipu hurudi. Kwa hiyo huwekwa mpira mwembamba wenye puto dogo kwenye ncha, unaobaki humo kwa takriban wiki nne hadi njia mpya ya ute ijitengeneze. Njia nyingine, hasa kwa jipu linalorudi, ni kukata kifuko na kushona kingo zake nje ili kibaki wazi.

Baada ya hapo mwanamke hukalia maji ya uvuguvugu kila siku, huvaa pedi, na hujizuia kujamiiana hadi mpira utolewe. Homa ikipanda, uvimbe ukirudi au damu ikitoka kwa wingi, arudi hospitalini mara moja.

Jipu lisitumbuliwe nyumbani kwa wembe au sindano, wala lisikamuliwe. Sehemu hiyo ina mishipa mingi ya damu, na uchafu huweza kusambaza maambukizi. Likipasuka lenyewe, nafuu huja, lakini bado likaguliwe.

Aliye na zaidi ya miaka 40 na kupata uvimbe huu kwa mara ya kwanza asiuache hata kama hauumi. Kipande kidogo cha nyama huchukuliwa na kupimwa, kwa sababu katika umri huo, ingawa ni nadra, huenda ikawa saratani.

Mkazi wa Kasigau, Sagalla au kwingineko anaweza kuanzia zahanati iliyo karibu, ambako atapewa rufaa kwenda Hospitali ya Moi mjini Voi, au zile za Mwatate, Wesu na Taveta. Anayeona aibu anaweza kuomba kuhudumiwa na mhudumu wa kike. Akifika aseme tu: “Nina uvimbe unaouma kando ya mlango wa uke.” Maneno hayo yanatosha.