Kasoro Zinazoonekana kwa Kusoma, Kabla Programu Haijaendeshwa

Tuchukue sentensi moja kutoka kwenye waraka wa mahitaji ya mfumo wa chama cha akiba na mikopo: "Mwanachama akichelewa kulipa rejesho la mkopo, atatozwa faini ya asilimia 5." Inasomeka vizuri, mwenyekiti wa chama ataisaini bila shida, na mwandishi wa programu ataanza kazi asubuhi hiyo hiyo. Hata hivyo sentensi hiyo ina kasoro zaidi ya tatu, na hakuna hata moja inayohitaji kompyuta ili ionekane. Inahitaji watu wawili watatu, kalamu na hesabu.

Kazi ya namna hii huitwa majaribio tuli, maana kinachojaribiwa hakiendeshwi bali kinasomwa. Inaanzia kwenye waraka wa mahitaji na kuendelea hadi kwenye msimbo. Wengi huifanya kama desturi ya kupitisha karatasi tu, ndiyo sababu haiwapi kitu. Nitaifuata sentensi hii ya faini tangu kwenye waraka hadi kwenye msimbo, ili ionekane nini hasa hufanyika.

Anza kwa kutia namba. Hii ndiyo mbinu ninayoiamini kuliko orodha yoyote ya maswali. Mpe mwanachama wa mfano mkopo ambao salio lake ni shilingi 900,000, rejesho la mwezi ni 120,000, na siku ya mwisho ni tarehe 5. Amelipa 100,000, amebakiza 20,000, na tarehe 5 imepita. Sasa mwombe kila aliye mezani aandike faini kwenye karatasi yake bila kuchungulia ya jirani. Mmoja ataandika 45,000, kwa kuwa amechukua asilimia 5 ya salio lote la mkopo. Mwingine ataandika 6,000, yaani asilimia 5 ya rejesho. Wa tatu ataandika 1,000, asilimia 5 ya kile kilichobaki. Wote watatu wameisoma sentensi ile ile kwa usahihi. Kama mwandishi wa programu angekuwa peke yake na waraka huo, angechagua moja kimya kimya, na mjaribu aliyesoma waraka huo huo huenda angechagua hiyo hiyo. Hapo programu ingefaulu majaribio yote na bado ikawatoza wanachama faini ambayo mkutano wao haukuipitisha.

Hili ndilo ambalo kuendesha programu hakuwezi kulifichua kwa urahisi. Jaribio hulinganisha matokeo na matarajio. Matarajio yakiwa na utata, jaribio nalo linaurithi.

Baada ya kiasi, uliza kuhusu muda. Kuchelewa kunaanza lini? "Saa 6 usiku wa tarehe 5" inaweza kuwa saa inayoianza tarehe 5 au inayoimaliza, kwa hiyo kwenye waraka andika 23:59 na umalize ubishi. Kisha kuna malipo ya simu. Mwanachama ametuma fedha saa 23:58, lakini ujumbe wa muamala umeufikia mfumo wa chama saa 00:04. Amechelewa au hajachelewa? Chama ndicho kinachopaswa kujibu, si mwandishi wa programu. Na asilimia 5 ya 83,333 ni 4,166.65: hizo senti zinakwenda wapi? Na faini inatozwa mara ngapi kwa rejesho moja?

Michael Fagan wa IBM, aliyechapisha utaratibu wake wa ukaguzi mwaka 1976, aliweka jambo moja ambalo linafaa kuibwa hata na kikundi cha watu watatu: anayeusoma usanifu mbele ya wengine, kwa maneno yake mwenyewe, ni yule atakayeujenga, si yule aliyeuandika. Mwandishi wa waraka akisoma mwenyewe, hujaza mapengo kwa yale aliyonayo kichwani, na wasikilizaji hawayaoni. Mtu mwingine akisoma, hukwama pale pale penye pengo. Akisema "nadhani hapa walimaanisha…", mwandishi wa kumbukumbu aandike namba ya mstari. Jibu lisitafutwe papo hapo. Kikao cha kutafuta kasoro kikigeuka kikao cha kutengeneza, saa nzima itaishia kwenye kasoro ya kwanza.

Tuseme majibu yamepatikana. Sentensi imekuwa hivi: faini ni asilimia 5 ya sehemu ya rejesho ambayo haikulipwa hadi 23:59 ya tarehe 5 kwa saa za Afrika Mashariki, kwa kufuata muda wa muamala ulioandikwa na mtandao wa simu, senti zinaachwa, faini inatozwa mara moja kwa kila rejesho. Imekuwa ndefu na haina mvuto, lakini watu watatu wakiikokotoa watapata 1,000.

Sasa msimbo. Kazi hii itaitwa na ratiba ya kila usiku saa 00:30:

```python
def faini(rejesho, kilicholipwa, siku_ya_mwisho):
    leo = datetime.utcnow().date()
    if kilicholipwa < rejesho and leo > siku_ya_mwisho:
        return rejesho * 0.05
    return 0
```

Mkaguzi asiye na waraka mkononi ataona msimbo safi. Aliyeuweka waraka pembeni ataona mara moja kwamba mstari wa nne unapiga asilimia ya rejesho lote, si ya kilichobaki. Kasoro hii ingejificha kwa mjaribu ambaye mwanachama wake wa mfano ama amelipa yote ama hajalipa chochote, kwa kuwa kwa asiyelipa chochote hesabu zote mbili zinatoa 6,000. Vilevile ataona kwamba kuzidisha kwa 0.05 kunabakiza senti ambazo chama kimesema ziachwe.

Kasoro ya mstari wa pili ni ya kuvutia zaidi. `utcnow()` hutoa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Ratiba inapoamka saa 00:30 ya tarehe 6 Dar es Salaam, UTC bado ni 21:30 ya tarehe 5. Kwa programu, siku ya mwisho haijapita, na faini haitozwi usiku huo. Mjaribu naye hufanya kazi mchana. Akiiendesha saa 4 asubuhi ya tarehe 6, UTC ni saa 07:00 ya tarehe 6 hiyo hiyo, na jibu linatoka kama linavyotarajiwa. Anaweza kurudia mchana kutwa asiione kasoro, kwa sababu tarehe hizo mbili hutofautiana kati ya 00:00 na 03:00 tu. Msomaji anayejua UTC ni nini huiona kwa sekunde kadhaa, saa yoyote ya siku.

Kasoro ya tatu haimo ndani ya mistari hiyo mitano, na ndiyo wakaguzi wengi huipita. Uliza: nani anaiita kazi hii, na mara ngapi? Ratiba inaiita kila usiku. Tarehe 7 siku ya mwisho imepita, tarehe 8 vilevile, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba faini ya rejesho hili imeshatozwa. Mwanachama wetu angekuta faini inaongezeka kila anapolala. Mjaribu aliyeiendesha mara moja angeona faini moja na kuweka alama ya vema. Kwa hiyo unapokagua msimbo, usisome mistari iliyobadilika tu. Fungua pia mahali inapoitwa.

Baada ya ukaguzi, sehemu hii ya hesabu inaweza kuwa hivi:

```python
def faini(rejesho, kilicholipwa, siku_ya_mwisho, sasa):
    leo = sasa.astimezone(ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")).date()
    bado = rejesho - kilicholipwa
    if bado > 0 and leo > siku_ya_mwisho:
        return bado * 5 // 100
    return 0
```

Saa sasa inaingizwa kutoka nje, kwa hiyo mjaribu anaweza kuipa 00:30 ya tarehe 6 huku yeye amekaa ofisini mchana. `kilicholipwa` lazima kiwe jumla ya miamala ya hadi 23:59 ya tarehe 5, na ulinzi wa kutotoza mara mbili uwekwe kwenye hifadhidata, ambako rejesho moja halitakubali rekodi mbili za faini.

Kuhusu kiasi cha kusoma kwa wakati mmoja, usizidishe mistari 400, na usikae zaidi ya saa moja au moja na nusu. Baada ya hapo macho yanapita juu ya maneno tu. Mabadiliko yakiwa makubwa zaidi, mrudishie mwandishi ayagawe. Dalili ya ukaguzi uliokufa ni rahisi kuitambua: mistari 900 imeidhinishwa kwa dakika nne, au maoni yote ni kuhusu nafasi na majina ya vigezo. Mambo ya nafasi yaachie zana za kukagua mtindo, pamoja na vigezo visivyotumika na mistari isiyofikika. Mashine hizo hazichoki, na binadamu abaki na maana.

Lakini mstari usiofikika si jambo dogo. Februari 2014 Apple ilitoa marekebisho ya dharura, iOS 7.0.6, kwa sababu katika msimbo wake wa mawasiliano salama mstari `goto fail;` ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo. Ule wa pili haukuwa chini ya sharti lolote, kwa hiyo ukaguzi wa saini uliofuata ulirukwa daima. Simu ziliendelea kuunganishwa na tovuti halali bila tatizo lolote, kwani anayejaribu kwa tovuti halali hapati kosa. Kwenye ukurasa, mistari miwili inayofanana ilikuwa imekaa wazi.

Kuna yale ambayo kusoma hakutakupa. Hutajua kwa macho kama ratiba ya 00:30 itamaliza wanachama 40,000 kabla ya ofisi kufunguliwa, wala kama ujumbe wa muamala wa 23:58 unaweza kufika saa 00:40, baada ya faini kutozwa. Hilo la pili unaweza kulishuku ukiwa mezani, kisha ukaamua kwamba ratiba isogezwe hadi saa 03:30 na kwamba faini iwe na njia ya kufutwa. Lakini ujumbe huchelewa kwa kiasi gani utakijua kwa kuendesha na kupima. Maswali ya namna hiyo yaandike kwenye kumbukumbu za kikao, na kila moja likabidhiwe kwa mjaribu kwa namba yake, pamoja na karatasi ile ya 45,000, 6,000 na 1,000, ambayo tayari ni jaribio lake la kwanza.