Kiu Isiyokatika na Mkojo wa Mara kwa Mara: Wakati wa Kupima Sukari

Mwendeshaji bodaboda anayeshinda juani hupata kiu, na hilo ni la kawaida. Tofauti huonekana kwenye mkojo. Aliyepungukiwa na maji kwa sababu ya jua hukojoa kidogo, na mkojo wake huwa wa manjano iliyokolea. Mwenye kisukari hukojoa mwingi, mara nyingi mweupe kama maji, mchana na usiku, na kiu haikatiki hata akinywa.

Sababu ni hii. Kwa kawaida figo huirudisha sukari kwenye damu. Sukari inapozidi takriban milimoli 10 kwa lita, figo hulemewa, nayo sukari hutoka na mkojo ikivuta maji. Maji yakipotea, kiu huja. Wakati huo huo sukari haiingii vyema kwenye misuli, kwa hiyo mtu huchoka ingawa amekula, na huenda akakonda.

Tuchukue mfano wa mwendeshaji wa miaka 45 ambaye kwa majuma matatu amekuwa akiamka mara nne usiku kwenda haja ndogo. Kiu anaikata kwa soda, na chupa moja ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, hivyo hali inazidi. Uchovu anaudhania malaria, anameza dawa bila kupimwa.

Siku anapofika kwenye zahanati, ananawa mikono na kuikausha kwanza, kwa kuwa utomvu wa embe kidoleni unaweza kupandisha kipimo. Anadungwa kidole, na mashine inaonyesha 16.2. Kwa mwenye dalili hizi, kiwango cha 11.1 au zaidi saa yoyote, au 7.0 na zaidi baada ya kukaa saa nane bila kula, ni kisukari. Matokeo ya kidole huthibitishwa kwa damu ya mshipa kwenye maabara. Asiye na dalili hapewi jibu kwa kipimo kimoja. Hupimwa tena siku nyingine.

Kipimo kikiwa cha kawaida, daktari hutafuta sababu nyingine. Kwa mfano, maambukizi ya njia ya mkojo humfanya mtu aende haja mara nyingi, lakini hutoa kidogo kidogo na huhisi kuchomwa.

Mwenye dalili hizi akianza kutapika, kuumwa tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitalini mara moja. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani, kisha akaanza tena huku akinywa maji mengi, apimwe sukari siku hiyo hiyo, kwani kwa watoto hali hubadilika kwa haraka.