Malalamiko na Ithibati: Maandiko juu ya Ukuaji wa Biashara Ndogo

Mwanafunzi anayetunga pendekezo la tasnifu kuhusu karakana za samani za Keko, Dar es Salaam, anauliza. Mwalimu wa uchumi anamjibu.

Swali: Mwalimu, nimetaja waandishi wengi, na karibu wote wasema mtaji ndio kikwazo kikuu. Mbona msimamizi ameirudisha rasimu yangu?

Jibu: Kwa sababu umeorodhesha majina pasipo kuupima ushahidi. Mwenye karakana anaposema kuwa benki imemnyima mkopo, kauli yake yaweza kuwa kweli tupu, lakini si ithibati kwamba mkopo ungeikuza kazi yake. Kwani huenda benki ilimnyima kwa kuwa wateja walikwisha kupungua, na hilo analolidhani kuwa sababu likawa ndilo matokeo. Basi panga maandiko kwa jinsi kila mwandishi alivyoupata ushahidi wake.

Swali: Nianzie wapi?

Jibu: Anza na waliotegemea majibu ya wenye kampuni. Beck, Demirgüç-Kunt na Maksimovic, katika makala yao ya 2005, walilinganisha kampuni za nchi 54, wakaona kuwa vikwazo vya fedha, sheria na rushwa huzidhuru ndogo kuliko kubwa. Upana wa kazi hiyo ni mkubwa, ila vikwazo vyenyewe vilipimwa kwa kauli za waliohojiwa. Kisha waweke waliotoa mtaji wenyewe. De Mel, McKenzie na Woodruff, walioandika 2008, waliwapa wafanyabiashara wa Sri Lanka, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, fedha au vifaa vya thamani ya rupia 10,000 au 20,000, na faida ya mtaji huo ikakadiriwa kuwa kiasi cha asilimia 5 kwa mwezi, zaidi ya riba iliyokuwa ikitozwa sokoni.

Swali: Si basi suala limekwisha?

Jibu: La, hasha. Wafanyabiashara hao hawakuwa na mfanyakazi wa kulipwa hata mmoja, ilhali karakana ya kawaida katika rasimu yako ina mafundi sita. Kwa sera ya Tanzania ya 2003 hiyo ni biashara ndogo, yaani ya watu 5 hadi 49. Kwa sheria ya Kenya ya 2012, kwa kigezo cha idadi ya watu, maadamu haijafikia watu 10, ni biashara ndogo sana. Kwa hiyo kila kazi unayoitaja, itaje pamoja na ukubwa wa biashara zilizochunguzwa, la sivyo utalinganisha visivyolingana.

Swali: Na pengo la utafiti nilieleze vipi?

Jibu: Usiandike kwamba hakuna aliyeitafiti Keko, kwani mahali papya peke yake hapazai swali jipya. Andika kwamba ushahidi wa Sri Lanka wahusu wanaojiajiri peke yao, na ule wa Banerjee na Duflo, wa 2014, wahusu viwanda vya India vilivyo vikubwa kupita karakana zako. Kisha uulize kama mtaji humzidishia faida mwenye mafundi sita, ambaye sharti pia awasimamie na kuwalipa.