Jimeili ya Fundi na Jimeili ya "Wizara"

Wiki moja nilipata barua pepe mbili, zote zinaishia @gmail.com. Moja ilitoka kwa fundi wa Majengo anayetuchapia fulana za darasa. Nyingine ilijiita wizara: nilipe shilingi 20,000 za fomu, nipewe nafasi ya fildi.

Fundi sikumtilia shaka. Domeni hulipiwa kila mwaka, na wateja wake wanamfuata dukani au WhatsApp. Hajidai kuwa mkubwa kuliko alivyo. Wizara ni kesi nyingine, maana taasisi za serikali zina domeni ya .go.tz, ambayo mtu wa mtaani hapewi. Kwa hiyo cha kutazama si jimeili yenyewe, ni kama anwani inalingana na dai.

Ila domeni nayo isikuleweshe. Ya .com yeyote anainunua kwa dakika chache. Itafute kwenye whois, usome tarehe ya kusajiliwa: kampuni inayojisifia miaka 10 huku domeni ina wiki 3, iulizie kwanza.

Mwisho, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. La fundi lilikuwa la duka lake. La "wizara" lilikuwa la mtu binafsi, nikaghairi hapo hapo.